Gredi, maelezo au picha: njia tatu za kueleza kasoro ya nguo ya mtumba

Anayenunua mtumba kwa simu hawezi kuishika nguo. Hawezi kuiinua kwenye mwanga, kuinusa wala kupitisha kidole kwenye mshono. Anachojua ni kile tu ulichomwambia, na pale ulipoacha pengo atalijaza mwenyewe. Ukiandika "ina kasoro ndogo" na kuishia hapo, atajiuliza ndogo kiasi gani, kisha atachukua jibu baya zaidi, maana pesa ni yake. Mara nyingi anayekimbia hakimbii doa, anakimbia kutojua ukubwa wa doa.

Wauzaji wengi hutumia mojawapo ya njia tatu. Wapo wanaotoa gredi: "kama mpya", "hali nzuri sana", "8 kwa 10". Wapo wanaoandika maelezo ya kila kasoro. Na wapo wanaopiga picha ya kasoro na kuiacha ijieleze. Nitapitisha shati moja katika njia zote tatu, kisha niseme ni ipi ya kuchagua kwa kasoro ipi, kwa sababu hazifai sawa kwa kila kitu.

Shati lenyewe ni la kiume, la pamba, bluu hafifu, mikono mirefu, lebo inasema M. Lina mambo matatu. Kola imechakaa kwenye mkunjo nyuma ya shingo, na weupe wa nyuzi umejitokeza kwa urefu wa sentimita 3. Mbele upande wa kushoto, sentimita 5 juu ya pindo, kuna doa la mafuta lenye upana wa milimita 6, rangi ya kahawia iliyofifia. Na kifungo cha mkono wa kulia si cha asili: ukubwa unalingana na vingine, ila ni cheupe zaidi kidogo.

Shati hilo kwa gredi

"Shati la pamba, bluu, saizi M. Hali nzuri sana, 8/10."

Tangazo hili huandikwa kwa nusu dakika, na mnunuzi anayepitia mamia ya nguo hulisoma kwa kutupia jicho. Hiyo ndiyo faida yake, na kwa mwenye mzigo mkubwa si faida ya kudharau. Shida ni kwamba hiyo 8 ipo kichwani mwa muuzaji peke yake. Yeye amepunguza alama mbili kwa sababu ya mambo matatu yasiyofanana kabisa: kola ambayo kila mtu ataiona na itaendelea kuchakaa, doa ambalo hufichika shati likichomekewa, na kifungo ambacho huenda mnunuzi asingekigundua maisha yake yote. Mnunuzi naye ana 8 yake. Kwake 8 huenda ni shati lililovaliwa mara mbili na halina alama popote. Shati likifika, kola ndiyo atakayoiona kwanza, na hapo neno "nzuri sana" linageuka kuwa uongo, hata kama aliyeliandika hakukusudia kudanganya.

Gredi inafaa pale tu ambapo umeandika maana ya kila ngazi na mnunuzi anaweza kuisoma. Kwa mfano: A ni nguo isiyo na doa, tundu wala mshono ulioachia, na rangi yake haijapauka. B ina kasoro moja au mbili zisizoonekana ikivaliwa. C ina kasoro inayoonekana ikivaliwa, lakini nguo bado ni nzima na inavalika. Kwa mfumo huu shati letu ni C, kwa sababu ya kola, na wala si "nzuri sana". Mfumo wa namna hii hutumika vizuri kwa mzigo wa jumla. Anayenunua fulana 30 za watoto kwa pamoja hahitaji aya moja kwa kila fulana, anahitaji kujua ngapi ni A na ngapi ni C. Kwa nguo moja inayouzwa kwa mtu mmoja atakayeivaa, gredi peke yake siipendekezi hata kidogo.

Shati hilo kwa maelezo

Maelezo mazuri ya kasoro hujibu maswali manne: ni nini, iko wapi, ina ukubwa gani, na inaonekana lini. Swali la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo mnunuzi analotaka kujua kuliko yote. Ujumbe unaoingia mara kwa mara baada ya tangazo lenye doa ni huu: "Hilo doa linaonekana nikivaa?" Ukilijibu kabla hajauliza, umemwondolea sababu ya kufunga ukurasa.

Hivi ndivyo ningeliandika shati letu:

"Kola: imechakaa kwenye mkunjo nyuma ya shingo, urefu wa sentimita 3. Weupe wa nyuzi unaonekana mtu akisimama karibu yako. Haijachanika, lakini kadiri inavyofuliwa itaendelea kuchakaa. Doa: la mafuta, kahawia hafifu, upana wa milimita 6, mbele kushoto, sentimita 5 juu ya pindo. Ukichomekea halionekani. Limefuliwa na halikutoka. Kifungo cha mkono wa kulia kimebadilishwa: ukubwa ni uleule, ni cheupe kidogo kuliko vingine. Sehemu nyingine zote nimezikagua, ni nzima."

Kola imetangulia. Kasoro hupangwa kwa uzito wake kwa mvaaji, si kwa wepesi wake kwa muuzaji. Wapo wanaoanza na kifungo ili msomaji azoee kusikia kasoro nyepesi kabla ya nzito. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi akifika kwenye kola anahisi ilikuwa inafichwa, na kuanzia hapo anasoma kila kitu kwa shaka. Ukianza na nzito, zinazofuata zinazidi kuwa nyepesi, na anamaliza kusoma akiwa ametulia.

Kuna pia zile sentensi fupi, "haijachanika" na "limefuliwa na halikutoka". Kila kasoro ina swali lake la pili. Anayesikia kola imechakaa huwaza kama imeshaachia. Anayesikia doa huwaza kama akilifua litatoka. Doa la mafuta likikaa muda mrefu, na hasa likipitiwa na pasi ya moto, mafuta hubadilika na kushika kwenye nyuzi, ndiyo maana hugeuka kahawia na sabuni ya kawaida hailitoi. Kwa hiyo usiandike kamwe "litatoka ukifua" kama wewe mwenyewe hukulitoa. Hiyo ni ahadi, na mnunuzi akishindwa kulitoa atakudai. Andika ulichofanya na kilichotokea, basi.

Sentensi ya mwisho, ile ya "nimezikagua, ni nzima", haiandikwi kama pambo. Inamwambia mnunuzi kwamba orodha imekwisha. Bila hiyo, orodha ya kasoro tatu huacha hisia kwamba huenda ipo ya nne. Lakini uiandike tu ukiwa umekagua kweli: kwapa zote mbili, mishono ya ubavuni, ndani ya mifuko, zipu kutoka chini hadi juu, na kitambaa chote kikiwa kimeinuliwa mbele ya dirisha ili mwanga upite. Tundu dogo ambalo halionekani nguo ikiwa mezani huonekana kama nyota kwenye mwanga.

Sasa angalia namna kasoro hiyohiyo inavyoweza kusemwa vibaya kwa kuzidisha au kwa kupunguza. "Kola imeharibika" ni kuzidisha, maana kitu kilichoharibika hakifai tena, na kola hii inafaa. "Kola ina alama kidogo za matumizi" ni kupunguza, maana alama za matumizi zaweza kuwa chochote. "Imechakaa kwenye mkunjo, sentimita 3" haibishaniwi. Kwa jumla, neno la kupima hutuliza kuliko neno la kubembeleza. Milimita 6 ni milimita 6 kwa kila mtu, ilhali "dogo" la muuzaji na "dogo" la mnunuzi hayajawahi kukutana.

Epuka pia kuomba radhi. "Kwa bahati mbaya", "samahani sana", "naomba mnielewe": maneno haya humfanya msomaji aone kasoro kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu watu huomba radhi kwa mambo mazito. Nguo imetumika, na kutumika huacha alama. Iseme kwa sauti ileile unayotumia kusema rangi na saizi.

Kama kuna njia ya kurekebisha unayoijua, itaje kwa mipaka yake. Kola ya shati iliyochakaa kwenye mkunjo inaweza kugeuzwa: fundi huifumua kwenye mshono wa shingo, huigeuza ili upande uliokuwa chini uwe juu, kisha huishona tena. Inafanya kazi vizuri kwenye kola ya kawaida. Kwenye kola yenye vifungo vya ncha haifai, kwa kuwa matundu ya vifungo yatakuwa upande usio wake. Sentensi moja inatosha: "Kola ni ya kawaida, haina vifungo vya ncha, kwa hiyo fundi anaweza kuigeuza." Hapo umempa mnunuzi njia bila kumdanganya kwamba kazi imeshafanyika.

Udhaifu wa maelezo ni kwamba yanachukua muda na baadhi ya watu hawayasomi. Atakayenunua bila kusoma kisha akalalamika yupo, hilo halikwepeki. Lakini malalamiko yake yatakutana na maandishi yaliyokuwepo kabla hajalipa, na hiyo ni tofauti kubwa.

Shati hilo kwa picha

Watu husema picha haidanganyi. Picha ya kasoro hudanganya kirahisi sana, na kwa upande wowote ule.

Hudanganya kwa kukuza. Piga doa letu la milimita 6 kwa karibu hadi lijaze skrini yote ya simu, na mnunuzi ataona bara zima la kahawia. Hakuna kitu pembeni cha kumwonyesha ukubwa. Muuzaji mkweli kabisa, aliyekusudia kuonyesha kila kitu, amewatisha wanunuzi wake kwa picha sahihi. Dawa yake ni rahisi: laza futi ya fundi cherehani kando ya doa, namba zikisomeka, na upige ukiwa mbali kiasi cha kuona pindo na kifungo cha chini katika picha hiyohiyo. Sarafu wengine huitumia, ila futi ni bora kwa sababu kila mtu anaisoma kwa namna moja.

Hudanganya pia kwa kuficha. Kamera ya simu hujipangia mwanga yenyewe. Sweta jeusi likijaza picha, kamera huling'arisha, na weusi uliopauka huonekana sawa na weusi mpya. Shati jeupe likijaza picha, kamera hulitia kijivu, na unjano wa kwapani huyeyuka ndani yake. Mwanga wa kamera ukipigwa moja kwa moja kutoka mbele hufuta vivuli vyote, na pamoja navyo huondoka vile vijidonge vya nyuzi vinavyojiviringa kwenye sweta. Mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni hufanya kinyume: kila kijidonge hupata kivuli chake na sweta lililochakaa kidogo huonekana kama limelazwa nje miaka miwili.

Kwa hiyo kwa kasoro ya rangi, weka karatasi nyeupe ndani ya picha, karibu na nguo, ili jicho la mnunuzi lipate cha kulinganisha. Kwa vijidonge na kuchakaa kwa kitambaa, tumia mwanga wa dirisha siku ya mawingu, dirisha likiwa upande mmoja na si nyuma yako, na uandike chini ya picha jinsi inavyoonekana kwa macho ya kawaida. Picha ya kasoro isiyo na sentensi chini yake ni fumbo. Mtu anaona kivuli na hajui kama ni doa, mkunjo au uzi uliochomoza.

Mpangilio nao una kazi. Nguo nzima itangulie, mbele kisha nyuma. Halafu picha ya nguo nzima ukiwa umeweka kidole panapohusika. Kisha ndiyo picha ya karibu yenye futi. Mnunuzi akipita njia hiyo, anafika kwenye doa akiwa tayari anajua liko wapi na ni sehemu ndogo kiasi gani ya nguo yote. Picha ya doa ikitangulia, hata uzuri wa shati hatouona tena.

Kwa shati letu, picha inashinda maneno kwenye kola. "Weupe wa nyuzi umejitokeza" ni maelezo sahihi, lakini wengi hawajawahi kuitazama kola kwa namna hiyo, na picha moja yenye futi inawaonyesha mara moja. Kwenye kifungo ni kinyume. Ukipiga picha ya kifungo hicho na kingine kando yake, tofauti ya weupe huenda isionekane kabisa, na mnunuzi anabaki kujiuliza alikusudiwa kuona nini. Maneno tu yanatosha.

Kasoro ipi, njia ipi

Doa na tundu vinataka picha yenye futi pamoja na sentensi. Hapo sina mjadala. Lakini tundu la sweta la sufu lina mambo yake, na ndilo linalozua ugomvi kuliko matundu mengine yote.

Chukua sweta la sufu, bluu nzito, lenye tundu moja karibu na mshono wa ubavu. Likiwa limelazwa bila kuvutwa lina milimita 3. Ukilivuta kidogo linafunguka hadi milimita 8, kwa sababu limefumwa kwa vitanzi na kitanzi kimoja kimekatika. Upime lipi? Pima likiwa limelazwa, maana ndivyo vipimo vyote vya nguo vinavyochukuliwa, kisha useme ukweli wa pili: "likivutwa linafunguka zaidi, lishonwe kabla ya kuvaliwa." Usipolisema hilo, mvaaji ataliona likikua siku ya kwanza, vitanzi vya jirani vikianza kuachia, na atadhani ulimpimia kwa hila.

Kubwa zaidi ni chanzo. Tundu la msumari au waya ni moja na limekwisha. Tundu la nondo huenda lina ndugu zake. Viwavi wa nondo wa nguo hula sufu, hariri na manyoya, na hupenda sehemu zilizojificha au zenye jasho: chini ya kola, kwapani, kwenye mikunjo. Wakati mwingine hung'ata juu juu tu bila kutoboa, na nguo hubaki na sehemu nyembamba itakayotoboka baadaye. Ukiona tundu kwenye sufu, lichunguze sweta lote mbele ya dirisha, na utazame kwenye mishono kama kuna vitu mfano wa chembe za mchanga au utando mwembamba. Ukivikuta, kasoro si tundu tena. Mnunuzi anaweza kuingiza wadudu kabatini mwake, na hakuna maneno mazuri yatakayofidia hilo. Funga sweta ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, lifue kwa namna lebo inavyoruhusu, ndipo uliuze. Na uandike: "Tundu ni la nondo. Sweta limegandishwa wiki mbili na kufuliwa. Nimelikagua kwenye mwanga, hakuna tundu jingine wala sehemu iliyopungua unene." Wanaoujua ufumaji hununua masweta ya namna hii kwa furaha, kwa sababu wanajua tundu la milimita 3 ni kazi ya sindano ya jioni moja. Wasichotaka ni kuletewa nondo.

Kupungua kwa saizi ni kasoro ya vipimo, na picha haisaidii kitu. Sufu iliyofuliwa kwa maji moto husinyaa na kuwa nene, na lebo yake bado inasema M. Laza nguo, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono na urefu wa nguo kutoka begani hadi pindo. Kisha sema: "Lebo ni M, imesinyaa, sasa inalingana na S." Nguo iliyosinyaa si mbaya kwa mwenye mwili mdogo. Inakuwa mbaya tu pale inapouzwa kwa lebo yake. Hata nguo isiyosinyaa ifanyie hivi, kwa kuwa lebo za watengenezaji hazifanani.

Mpira uliolegea, wa kiunoni au wa soksi, hauonekani kwenye picha na haupimiki kirahisi. Pima kiuno kikiwa kimetulia, kisha ukivute hadi mwisho na upime tena, utoe namba zote mbili. Mpira ukishakufa haufufuki, ila wa kiunoni mara nyingi hupita ndani ya njia yake na unaweza kubadilishwa. Ule uliofumwa ndani ya kitambaa chenyewe, kama wa jinzi za kuvutika, haubadilishiki. Sema ni upi.

Harufu ni ya maneno tu, na ndiyo inayofichwa kuliko kasoro zote kwa sababu haina ushahidi. Taja aina yake: moshi wa sigara, dawa ya nondo, unyevu wa kabati, manukato ya aliyetangulia. Harufu ya manukato na ya kabati hupungua sana kwa kufua na kuanika kwenye hewa, ya dawa ya nondo hung'ang'ania. Puani pa muuzaji harufu hupotea baada ya siku chache za kukaa nayo, kwa hiyo mwombe mtu mwingine ainuse kabla hujaandika "haina harufu". Na usiifunike kwa manukato mengine. Anayepata kikohozi kwa manukato atakulaumu mara mbili.

Unjano wa kwapani kwenye shati jeupe hutokana zaidi na madini ya alumini yaliyo kwenye dawa za kuzuia jasho, yakichanganyika na jasho lenyewe. Wengi hukimbilia dawa ya klorini ili wauondoe kabla ya kuuza, na mara nyingi unjano unazidi. Kwenye sufu na hariri ni mbaya zaidi, maana klorini huziyeyusha nyuzi zenyewe. Ukiwa huna hakika, uache ulivyo, upige picha pamoja na karatasi nyeupe, na useme kama unaonekana mkono ukiwa chini au mpaka uinuliwe.

Mahali pa kuiweka ndani ya tangazo

Wengine huiweka kasoro kwenye kichwa cha tangazo, wengine mwisho kabisa chini ya maelezo ya usafirishaji. Mimi nagawanya kwa swali lilelile la nne. Kama kasoro inaonekana nguo ikivaliwa kawaida, itajwe kwa ufupi kwenye kichwa: "Shati la pamba bluu, M, kola imechakaa kidogo nyuma." Hapo neno "kidogo" linaruhusiwa kwa sababu sentimita zinakuja chini yake. Utapoteza watazamaji kadhaa, ila hao wasingenunua, au wangenunua na kurudisha. Kama kasoro haionekani ikivaliwa, ikae kwenye aya ya pili, mara baada ya kitambaa na vipimo.

Isishuke chini ya hapo. Kwenye simu, tangazo hukatwa baada ya mistari michache na mtu hulazimika kugusa ili aone yaliyobaki. Kasoro iliyo chini ya mkato huo, hata kama imeandikwa kwa ukamilifu, mnunuzi atasema ilifichwa, na ukitazama kwa jicho lake ana haki.

Kuhusu bei, iweke ikiwa imeshapunguzwa na uandike mara moja: "Bei imezingatia kasoro zilizotajwa." Bila sentensi hiyo, kila kasoro uliyoitaja inakuwa mlango wa kuombea punguzo, na muuzaji anajifunza vibaya kwamba ukweli unamgharimu. Ikiwepo, mnunuzi anaweza bado kuomba apunguziwe, ila hatatumia kola uliyomwonyesha mwenyewe kama silaha.

Ambapo hakuna njia inayofaa

Koti la ngozi bandia lililoanza kubanduka liko nje ya ulinganisho huu. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki ya poliyurethani, na unyevu wa hewa hulivunjavunja tabaka hilo taratibu kwa miaka, hata koti likiwa limening'inia tu kabatini. Likishaanza kubanduka kwenye kola au kiwiko, sehemu zilizobaki zitafuata, na hakuna gundi wala rangi itakayozuia. Unaweza kupima eneo lililobanduka na ukapata sentimita 2 kamili, na bado utakuwa umemdanganya mnunuzi, kwa sababu kipimo hicho kitabadilika miezi michache ijayo.

Jaribu kwa kucha: kwaruza taratibu sehemu nzima iliyo jirani na iliyobanduka. Ikiachia vipande vyembamba kama maganda, koti hilo halifai kuuzwa kama vazi. Liuze kama vipuri, useme hivyo kwenye kichwa cha tangazo, na uorodheshe vinavyofaa: zipu ya chuma yenye urefu wa sentimita 60 inayofunguka mpaka chini, vifungo vya kubana vinne, bitana isiyochanika. Mafundi wanavitafuta vitu hivyo, na atakayelinunua atajua hasa anachochukua.